Bando bado lina GB 11 lakini benki imekatwa yuro 45 kwa siku moja. Naombeni mnisomee hii programu ya Kijerumani

Mwanafunzi_Ziwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Konstanz, kusini kabisa mwa Ujerumani, nasomea uuguzi, mwezi wa tano sasa. Kijerumani cha wodini nakimudu kidogo kidogo, ila cha kampuni za simu kinanitoa jasho.

Nina laini ya kulipia kabla. Bando langu ni GB 15 kwa yuro 9,99 na linajiunga lenyewe. Jumapili iliyopita nilitembea kando ya ziwa na wenzangu, tukapiga picha, nikarusha kwenye kundi la familia. Narudi bwenini, nakuta ujumbe wa benki mara tatu: yuro 15, yuro 15, yuro 15. Nafungua programu, bando hata nusu halijafika! Hela imekwenda wapi?

Programu haina Kiingereza, hata Kituruki hakuna. Nimenakili yaliyopo kwenye skrini kama yalivyo:

```
Datenvolumen: 11,2 GB von 15 GB verfügbar
Option verlängert sich am 03.04.
Guthaben: 13,28 €
Automatische Aufladung: 15 € bei Guthaben unter 5 €
Roaming-Sperre Nicht-EU: inaktiv
```

Kitafsiri cha kamera kinaniambia "Guthaben" ni mkopo na "Automatische Aufladung" ni kuchaji kiotomatiki. Hiyo ya kuchaji niliiwasha mwenyewe siku nasajili laini, nikadhani ni mambo ya betri. Msinicheke.

Kibwana_Ulaya

Pole dada. Hapo umeibiwa mchana kweupe. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za romingi tangu Juni 2017, bando la Ujerumani unalitumia Ulaya nzima kama uko nyumbani. Wapigie wakurudishie. Wakileta ujeuri washtaki kwa Bundesnetzagentur, wale wasimamizi wa kampuni za simu hapa Ujerumani.

Shangazi_Muttrah

Mwanangu pole. Mimi nipo Maskati, yalinikuta hayo hayo. Bando likiisha katikati ya mwezi wanaanza kula salio. Nunua bando kubwa zaidi, utapumzika. Programu ya huku ina kitufe «تجديد تلقائي», ndiyo kujiunga upya kwenyewe, neno lile lile la jadidi tunalolijua. Nilikizima, mambo yakatulia.

Mwanafunzi_Ziwani

Shikamoo shangazi, asante. Ila langu halijaisha, zimebaki GB 11. Ndicho kinachonichanganya.

Fundi_wa_Laini

Tulia kwanza, usimshtaki mtu. Nimeuza laini Hamburg miaka sita, hiyo skrini yako naisoma kama gazeti.

Kitafsiri kimekuingiza chaka. "Guthaben" hapo ni salio. Si mkopo, hudaiwi na mtu. "Aufladung" kweli Wajerumani hulitumia hata kwa betri, lakini kwenye programu ya simu maana yake ni kuongeza salio. Kwa hiyo ule mstari wa nne unasema hivi: kila salio likishuka chini ya yuro 5, chukueni yuro 15 kwenye kadi yangu ya benki. Hakuna kikomo kilichoandikwa kwamba ni mara moja kwa siku. Likishuka mara tatu, wanachukua mara tatu.

Sasa swali ni nani aliyekula salio wakati bando lipo. Nijibu mambo mawili. Hiyo Jumapili mlitembea upande gani wa ziwa? Na huo mstari wa mwisho, "Roaming-Sperre", uliwahi kuugusa?

Mwanafunzi_Ziwani

Tulitoka bandarini tukafuata ufukwe, tukapita pale kwenye mstari wa masanamu ya chuma, tukaendelea mbele kama saa moja na nusu.

Mstari wa mwisho niliugusa, ndiyo. Mwanzo uliandikwa "aktiv". Nikajua romingi iko hai, nikaogopa gharama, nikabonyeza ikawa "inaktiv". Nilijiona mjanja.

Fundi_wa_Laini

Basi mwizi tumempata.

Yale masanamu ndiyo mpaka wenyewe. Zamani palikuwa na uzio, wakauondoa wakaweka sanaa. Ulipoyapita ulikuwa Kreuzlingen, Uswisi. Na Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, wala sheria ya romingi aliyoitaja Kibwana haifiki huko. Inafika Norwe, Aisilandi na Lishtenshteni ingawa nazo si wanachama, lakini Uswisi hapana. Zipo kampuni zinazoitia Uswisi kwenye bando kwa hiari yao. Yako inaelekea si mojawapo.

Halafu lile neno. "Sperre" ni kizuizi. "Roaming-Sperre Nicht-EU: aktiv" maana yake kizuizi cha romingi nje ya Umoja kimewekwa, yaani mlango umefungwa. Ulipokifanya "inaktiv" ulitoa komeo. Ulisoma neno la kwanza na la mwisho, ukaruka la katikati, na la katikati ndilo lenye kauli. Wateja wangu wengi wameteleza hapo hapo, hata Wajerumani wazee.

Kuna ndugu yake mtego huu: vitufe vinavyoandika kitendo badala ya hali. Ukikuta kitufe kimeandikwa "Deaktivieren", hakikuambii kwamba kitu kimezimwa. Kinakuambia ukinibonyeza nitakizima, kwa hiyo sasa hivi kinawaka. "Deaktiviert" yenye t mwishoni ndiyo inayosema tayari kimezimwa. Herufi mbili za mwisho zinageuza maana nzima.

Ili tusibishane bure, tafuta kwenye programu "Einzelverbindungsnachweis". Ni orodha ya kila kilichotozwa, kimoja kimoja. Huenda wameificha ndani ya "Kosten" au "Rechnungen". Tuletee ya Jumapili.

Kibwana_Ulaya

Sawa, Uswisi nakubali, niliteleza. Lakini bado kuna kikomo cha yuro 50! Data ya romingi ikifika hapo lazima wakate, na hiyo inalinda hata nje ya Umoja. Iweje asilindwe?

Mwanafunzi_Ziwani

Nimeipata, baada ya kubonyeza kila kitu. Nanakili:

```
Daten Roaming Schweiz   48 MB   0,79 €/MB   37,92 €
```

MB 48 tu! Hizo ni picha chache na video moja ya mawimbi.

Fundi_wa_Laini

Ndiyo hiyo. Tuifuate hela yako hatua kwa hatua, maana inajibu na swali la Kibwana.

Umebaki na 13,28 na umekatwa 37,92. Jumla 51,20. Toa zile 45 za benki, inabaki 6,20. Ndilo salio uliloondoka nalo asubuhi. Sahihi?

Ulipovuka, simu ikadaka mnara wa Uswisi. Bando lako halitambuliki kule, kwa hiyo kila MB ikatozwa kwenye salio. MB mbili tu, salio likashuka chini ya 5, kadi ikakatwa 15. Hiyo ikaliwa na picha, ikashuka tena, ikakatwa 15 ya pili. Video ndiyo iliyoleta ya tatu. GB zako 11 zilikuwa zinakaa tu Ujerumani zinakusubiri.

Kibwana, kikomo kipo na umesema kweli. Ila ile 50 ni kabla ya kodi. Kwa Ujerumani unaweka kodi ya ongezeko la thamani asilimia 19, inakuwa yuro 59,50. Na onyo hutumwa ukifika asilimia 80 yake, kama yuro 47,60. Dada aliishia 37,92. Hakugusa hata kwenye onyo, ndiyo maana simu ilikaa kimya. Mtu wa kulipia kabla kwa kawaida anazuiwa na salio lenyewe: likiisha, limeisha, hasara yako ingekuwa 6,20. Wewe ulikuwa umeunganisha bomba la benki nyuma yake.

Ila kimya kabisa haikuwa. Angalia ujumbe mfupi wa Jumapili mchana, lazima kuna wa kukukaribisha Uswisi wenye bei.

Mwanafunzi_Ziwani

Upo. "Willkommen in der Schweiz". Niliuona nikadhani ni watu wa utalii.

Salio la asubuhi ni 6,20 kweli. Yaani umelijua bila kuona. Sasa naomba nijue nizime nini, na nisizime nini. Ile "verlängert sich" nayo ni ya benki?

Fundi_wa_Laini

Hapo sasa umeuliza swali lenyewe. Kwenye programu hizi "yenyewe" ziko tatu na watu huzichanganya. Kila moja ukiikuta, jiulize inachota wapi.

"Verlängert sich am 03.04." ni bando kujiunga upya tarehe 3 mwezi wa 4. Usisome kwa mtindo wa Marekani ukadhani ni Machi. Hii inachota kwenye salio, haigusi benki. Ikiandikwa "läuft am 03.04. aus" ndipo ujue bando linakufa siku hiyo na halirudi. Yako nakushauri uiache, kwa sababu siku salio likiwa pungufu ya 9,99 bando halijiungi, na kwa kampuni nyingine ukiendelea kuperuzi unatozwa kwa bei ya kawaida isiyo na bando. Mtu ana yuro 8,40, anasema nitaongeza kesho, asubuhi anakuta nne.

"Automatische Aufladung" ndiyo inayochota benki. Zima hii, au kama programu inaruhusu, badilisha kutoka "chini ya yuro 5" iwe mara moja kwa mwezi siku moja kabla ya bando kujiunga.

Ya tatu huitwa "Datenautomatik". Kwako siioni, nayo ni zaidi ya wenye mikataba ya kila mwezi. GB zikiisha inakuongezea kipakiti kidogo cha data kwa hela, na inaweza kurudia mara kadhaa kabla haijakuacha kwenye mwendo wa kobe. Ukiizima, data ikiisha unabaki na mwendo wa kobe bure. Meseji zitapita, video sahau.

Mkaskazini_wa_Bonn

Naongezea hapo kwenye tarehe. Dada angalia kama bando lako ni "4 Wochen" au "Monat". Langu ni wiki nne, kwa hiyo kila mara tarehe inarudi nyuma na mwaka mmoja nalipa mara 13. Kwa 9,99 ni yuro 129,87, wakati mimi nilipiga hesabu ya 119,88. Nilikuwa nalaumu programu ina hitilafu, kumbe kalenda.

Na nukta na koma zao zimegeuzwa. Nilikuta "1.500 MB" nikasema hawa wananipa MB moja na nusu? Nikaacha ofa nzuri.

Papa_Lubumbashi

Habari zenu ndugu zangu. Miye niko Bruxelles, programu yetu iko na Kifaransa. Kama mnazima kitu, muangalie muzuri mwishoni. Miye nilitaka kuvunja bando, ikaniuliza kama niko hakika, chini vifungo viwili: "Annuler" na "Résilier". Nikafinya "Annuler", nikalala. Mwezi wenye kufuata wakakata tena. "Annuler" ilikuwa inaannulé lile swali, haikuvunja bando!

Fundi_wa_Laini

Papa umenikumbusha jambo kubwa kuliko yote. Kwa Kijerumani ni "Abbrechen" na "Kündigen". Kitafsiri cha kamera vyote viwili kinaweza kukuandikia "Ghairi". Unakaa hapo unatazama Ghairi mbili kama mapacha.

"Abbrechen" ni kuacha ulichokuwa unafanya, unarudi nyuma, hakuna kilichobadilika. "Kündigen" ndiyo kuvunja. Kwa bando peke yake huandikwa pia "Option abbestellen". Na angalia kilichotajwa juu yake: "Option kündigen" inaondoa bando, "Vertrag kündigen" inaondoa mkataba mzima na laini inaweza kwenda nayo. Ukishabonyeza subiri uthibitisho, meseji au barua pepe. Pasipo uthibitisho, chukulia hujabonyeza kitu.

Kibwana_Ulaya

Na kwenye tovuti, tangu Julai 2022 sheria ya hapa inawalazimu kuweka kitufe cha kuvunja mkataba waziwazi, "Verträge hier kündigen". Huwa kiko chini kabisa ya ukurasa, maandishi madogo. Hapo siko nusu nusu, nimekitumia.

Shangazi_Muttrah

Kumbe mambo ya mpakani. Basi na mimi nilielewa vibaya, na lile langu huenda lilikuwa hivyo hivyo, maana lilinikuta siku niliyokwenda Dubai kwa basi! Miaka miwili nalisema bando liliisha.

Kitu kimoja: kupiga Tanga kutoka kwako nako si romingi? Mie huwa naogopa kupiga.

Fundi_wa_Laini

Si romingi shangazi, romingi ni wewe kuwa nje ya nchi ya laini yako. Kupiga nje ukiwa umekaa ni bei nyingine kabisa. Na Wajerumani wameyaweka haya mawili yakiwa yamefanana kama njugu: "im Ausland" ni ukiwa ugenini, "ins Ausland" ni kwenda ugenini. Mtu anaona "Telefonieren ins Ausland, inklusive" anadhani akisafiri anapiga bure.

Papa_Lubumbashi

Kwetu vilevile, "à l'étranger" na "vers l'étranger". Na hiyo "vers" mara nyingi ni Ulaya tu, Kongo haiko ndani.

Mwanafunzi_Ziwani

Nimezima Aufladung. Sperre nimerudisha "aktiv". Lakini bweni langu liko karibu na mpaka, na jana usiku nimeona jina la mtandao wa Uswisi juu ya simu nikiwa kitandani. Bado naweza kukatwa?

Fundi_wa_Laini

Kizuizi kikiwa aktiv, data haitapita. Ila usitegemee komeo moja. Ingia mipangilio ya simu yenyewe, si programu ya kampuni, zima "Datenroaming". Hiyo utaiwasha siku ukienda Bregenz, Austria, huko bando lako linafanya kazi.

Datenroaming haizuii simu za sauti. Mtu akikupigia wakati simu imeshika mnara wa Uswisi, ukipokea unaweza kutozwa wewe. Dawa yake ni kwenye mitandao ya simu, toa "Netz automatisch wählen" na uchague mtandao wako wa Ujerumani kwa mkono. Hasara yake: pale kona ambayo mnara wako haufiki, utakuwa huna mtandao kabisa. Kitandani kwako huenda ni kona hiyo.

Mkaskazini_wa_Bonn

Asipokee, atumie Waifai ya bweni. Rahisi.

Kuhusu kurudishiwa, mimi ningewaandikia. Neno ni "Kulanz", kurudisha kwa hisani. Rafiki yangu alirudishiwa nusu.

Fundi_wa_Laini

Aandike, haina gharama. Ila nisimdanganye: kizuizi alikitoa mwenyewe na kumbukumbu wanayo, na meseji ya bei alipelekewa. Angetozwa akiwa kitandani upande wa Ujerumani ningesema kesi ipo, maana kampuni zinatakiwa kuwalinda watu wa mpakani na romingi ya bahati mbaya. Huyu alivuka kwa miguu yake.

Kibwana_Ulaya

Mimi nasema wanarudisha. Programu yenye "Sperre inaktiv" kwa mteja waliyemsajili kwa pasipoti ya Tanzania ni mtego wa makusudi.

Fundi_wa_Laini

Pasipoti au kitambulisho wanadai kwa kila mtu anayesajili laini ya kulipia kabla, tangu Julai 2017. Haina maana wanajua unasoma nini.

Mwanafunzi_Ziwani

Nimewaandikia usiku huu kwa msaada wa mwenzangu wa chumba. Jibu la papo hapo limekuja, linasema "Ihre Anfrage wird bearbeitet". Hili nimelisoma mwenyewe, wanalishughulikia.

Mwenzangu naye kafungua programu yake kuhakikisha. Mjerumani wa Konstanz kabisa. Sperre yake ilikuwa inaktiv.